Orodha ya Bi Tiki na Mabao Mawili ya Wachuuzi

Kabla sijamsifu mtu acha niseme ukweli: Bi Tiki anachosha. Nimekaa naye meza kwa meza miaka sita, mimi nikipanga kurasa za michezo kwenye kompyuta, yeye akizisoma kabla hazijaenda mtamboni, na sikumbuki siku niliyotoka pale bila kichwa kunigonga. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho cha kazi, lakini hakuna anayelitumia. Hata mlinzi wa getini anamwita Bi Tiki, naye anaitika bila kinyongo.

Jina limetokana na karatasi. Kila ukurasa wa michezo ninaoutoa kwenye printa, yeye huubana na karatasi yake moja yenye maswali kumi na manne, na mbele ya kila swali kuna kisanduku. Akishajiridhisha, anatia tiki kwa kalamu nyekundu. Asipojiridhisha hatii, na ukurasa hauendi popote hata dunia ipinduke. Waandishi wamemlilia, wamemtania, wamemnunia. Mmoja aliwahi kumwambia kwamba hata malaika wa kuandika dhambi hana maswali mengi hivyo. Akamjibu kwamba huyo malaika hasomwi na watu elfu arobaini Jumatatu asubuhi.

Maswali yenyewe ukiyasoma unaweza kucheka, maana ni mambo ambayo mtoto wa shule angeyajua. Matokeo yaliyo kwenye kichwa cha habari yanalingana na yaliyo ndani ya habari? Na kwenye ukanda wa matokeo juu ya ukurasa? Na chini ya picha? Timu mwenyeji imetangulizwa? Wafungaji wakihesabiwa wanatimia idadi ya mabao, na kila mmoja yuko upande wake? Jina la kila mchezaji limelinganishwa na orodha ya usajili, herufi kwa herufi? Hapo ameongeza kwa mkono: si kwa kichwa chako, wala kwa gazeti la wiki iliyopita, maana kosa la wiki iliyopita ndilo linalozaa la wiki hii. Siku na tarehe vimetazamwa kwenye kalenda? Kila timu ina kifupisho kimoja tu ukurasa mzima? Kisha msimamo wa ligi: ushindi mara tatu, jumlisha sare, unapata pointi. Mabao yote yaliyofungwa na timu zote lazima yawe sawa na yote yaliyoruhusiwa, kwa sababu bao haliwezi kufungwa bila mtu kufungwa. Hiyo hesabu anaifanya kwa midomo, akinong'ona namba, na ukimkatiza anaanza upya.

Kila swali lina kaburi lake, ndivyo anavyosema. La tarehe lilizaliwa mwaka tuliotangaza fainali kuwa Jumamosi tarehe tisa, na tarehe tisa ilikuwa Jumapili. Watu walifunga safari na watoto wao, wakakuta geti limetiwa kufuli na mbuzi wawili wanakula nyasi za uwanja. Bi Tiki hakuwa ameusoma ukurasa ule, alikuwa kwenye msiba wa kaka yake. Lakini aliporudi aliandika swali, akaligonga mhuri moyoni, na tangu hapo limemtafuna mpaka nyumbani. Kadi za harusi ya binti yake zilitoka kiwandani siku na tarehe zikigombana. Mumewe, dereva mstaafu mpole kuliko wote niliowahi kuwaona, alisema watu wa siku hizi wanapigiana simu, wataelewana. Bi Tiki alikaa sakafuni na kalamu akasahihisha kadi mia mbili na themanini, moja moja, na bibi harusi akilia pembeni kwamba mama ameharibu kadi. Wageni walifika siku moja wote. Hakuna aliyemshukuru.

Na kichekesho ni kwamba mpira wenyewe haupendi. Miaka ishirini na miwili anasoma habari za soka na hajakanyaga uwanjani. Hajui kuotea ni nini. Nilijaribu kumwelezea siku moja kwa vifuniko vya chupa, akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza kama hilo linabadilisha idadi ya mabao. Nikasema wakati mwingine linabadilisha. Akasema basi mwamuzi atakuwa ameshaliandika.

Sasa tulipata Mhariri mpya. Sina ugomvi naye kama mtu, lakini alikuja na haraka zake, na haraka ya bosi ni mzigo wa mtumwa. Ndani ya miezi miwili yakapita makosa mawili kwenye kurasa za michezo. La kwanza, picha ilibadilishwa na maelezo ya chini yakabaki ya picha ya zamani. La pili, jina la kocha lilikosewa kwenye ukurasa ambao haukuletwa kabisa kwa Bi Tiki kwa sababu ulichelewa. Yote mawili alibebeshwa yeye, kwa hoja kwamba dawati la usahihishaji ndilo linalojibu. Akaandikiwa barua. Kosa la tatu likitoka, dawati linafungwa, waandishi watajisomea wenyewe, na yeye ataondoka mwisho wa mwezi. Alibakiza miaka mitatu astaafu. Nyumbani ana mume ambaye goti limegoma na wajukuu wawili walioachwa na marehemu mwanawe, na wote hao wanamtazama yeye. Barua aliisoma mbele yangu, akatoa kalamu, akasahihisha neno moja lililokosewa, akaiweka kwenye droo. Mimi nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Gazeti letu hutoka Jumatatu na Alhamisi. Jumapili ile ninayoisimulia ilikuwa tarehe kumi na tano, na kurasa zilitakiwa ziondoke saa kumi na moja jioni. Jana yake, Jumamosi, ulikuwa umechezwa mchezo wa mwisho wa ligi daraja la pili, Wachongaji nyumbani dhidi ya Wachuuzi. Anayefungwa anashuka daraja. Wachuuzi, wageni, walishinda mabao mawili kwa moja, la pili likiingia dakika ya themanini na tisa. Mji mzima ulikuwa ukilizungumza bao hilo.

Habari aliileta Kipaza, mwandishi wetu wa soka, kijana mwenye sauti inayofika kabla ya miguu yake. Kipaza anaandika vizuri, sikatai, anakufanya usikie jasho la wachezaji. Lakini kwa kuhakiki ni sifuri. Bi Tiki alinitaka nimsomee kwa sauti ripoti ya mwamuzi, yeye afuatishe kwenye ukurasa kwa kidole. Nikasoma. Kidole kikasimama. Katika orodha ya wafungaji, yule wa dakika ya themanini na tisa alikuwa amewekwa chini ya Wachongaji. Mabao yalitimia matatu, ila Wachongaji walikuwa na mawili, na moja kati yake si lao. Kipaza alipoitwa alisema ni mkono tu umeteleza, kila mtu anajua nani alifunga. Bi Tiki akamwambia kwamba wanaojua hawanunui gazeti ili kujua.

Tukaendelea. Kipa wa Wachuuzi alikuwa ameandikwa kwa namna mbili, moja kwenye habari na nyingine chini ya picha. Mimi nikapendekeza tuchague moja. Akanitazama kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe, akafungua orodha ya usajili, na kumbe zote mbili zilikuwa si zenyewe. Mchezo wa hisani wa katikati ya wiki uliandikwa Jumatano tarehe kumi na tisa. Nikamhakikishia ni sahihi, nimetazama kalenda ya ukutani. Akaniuliza hiyo kalenda ya ukutani ni ya mwaka gani. Nikainuka kwenda kutazama. Ilikuwa ya mwaka jana. Jumatano ilikuwa tarehe kumi na nane.

Halafu vifupisho. Hapo ndipo tulipokaribia kugombana. Kwenye ukanda wa matokeo juu ya ukurasa hakuna nafasi ya majina marefu, kwa hiyo timu huandikwa kwa herufi tatu. Mimi nilikuwa nimewaandika Wachuuzi WCH, na kwenye msimamo WAC, na Wachongaji pia walikuwa WAC mahali pamoja. Bi Tiki akatoa daftari lake la vifupisho na kuamuru Wachongaji WCG na Wachuuzi WCZ, kila mahali, hata kwenye ratiba ndogo ya pembeni ambayo nusu ya wasomaji huifungia vitumbua. Nikarekebisha huku nikikunja taya. Nikatoa nakala mpya. Akaisoma yote tena tangu juu. Yote. Nilimwambia, mama, nimegusa sehemu tano tu. Akasema naijua mikono ya watu, ukigusa tano unaumiza ya sita.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili akatia tiki ya kumi na nne. Akasaini, akaandika saa, akavua miwani. Kwenye ukanda palisomeka WCG 1–2 WCZ, mwenyeji mbele, kama inavyotakiwa. Wino mwekundu ulikuwa umemjaa vidoleni, akasema anakwenda kunawa mikono, nisiguse kitu. Bomba liko mwisho wa korido. Ni hatua kumi, labda kumi na mbili kwa mwenye miguu mifupi.

Hakuwa hata amefika, Mhariri akapita. Akasimama nyuma yangu mikono mfukoni, akatazama skrini, akasema ukanda umekaa vibaya, mshindi ndiye anayeuza gazeti, mtangulize mshindi. Kisha akaenda zake kupokea simu.

Nilijua kanuni. Swali la kumi na nne la orodha, la mwisho kabisa, ni hili: kuna kitu kimeguswa baada ya kusomwa? Kikiguswa, ukurasa unarudi kwa Bi Tiki. Lakini nilikuwa nimeshiba Bi Tiki mpaka hapa. Nilifikiria kidole chake, midomo yake ikihesabu, nusu saa nyingine, na mtu wa mtambo akinipigia simu kuniuliza kama tumelala. Nikasema moyoni, ni kubadilisha timu tu, jambo la sekunde. Nikaishika WCZ nikaileta mbele. Nikaipeleka WCG nyuma. Herufi zenyewe zilifanana hata jicho halikushtuka. Namba sikuzigusa. Nikabonyeza, ukurasa ukaenda.

Aliporudi akifuta mikono kwa leso akauliza kama umeondoka. Nikasema umeondoka. Akasema Mungu asaidie, akachukua mkoba wake akaenda kuwapikia wajukuu.

Jumatatu nilinunua gazeti kituoni kama kawaida, na pale pale nikaona. Juu kabisa, kwa namba kubwa kama sahani: WCZ 1–2 WCG. Kwa maneno mengine, Wachongaji wameshinda, Wachuuzi wameshuka daraja. Chini yake habari ya Kipaza ikieleza ushindi wa Wachuuzi, picha ya Wachuuzi wakirukiana, na msimamo ukiwaonyesha Wachongaji mkiani. Ukurasa mmoja unabishana wenyewe kwa wenyewe. Muuza magazeti akaniambia ninyi mlicheza mechi yenu peke yenu, na watu wakacheka.

Ofisini simu hazikuwa zikipumua. Mashabiki wa Wachuuzi walitukana, wa Wachongaji walitudhihaki kwa kutuomba tuwape na kombe. Kwenye mapokezi alikuwa amekaa mwanamke mmoja na nakala nne mapajani. Alikuwa mama wa yule mfungaji wa dakika ya themanini na tisa. Hakuwa na kelele. Alisema alitaka kuzihifadhi, mwanawe hajawahi kutoka gazetini, na sasa juu ya kichwa cha mwanawe pameandikwa kwamba ameshindwa. Akauliza kama tunayo nyingine iliyo sawa. Mimi nilipita nikitazama viatu vyangu.

Bi Tiki alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ameshatoa kwenye jalada nakala yake ya Jumapili, yenye karatasi ya tiki na saini na saa, na alikuwa ameilaza kando ya gazeti. Alinitazama tu, mara moja, na nikajua kwamba amejua. Mikono inayopanga ukurasa pale ni yangu peke yangu. Heri angenitukana.

Tukaitwa. Mhariri alikuwa ameshaandika barua ya pili, ilikuwa mezani imekunjwa. Akaanza kwa kusema amechoka, na kwa hilo tulikuwa wengi. Akasema orodha ya maswali kumi na manne imeshindwa kuona namba mbili kubwa kuliko zote ukurasani, sasa orodha hiyo ni ya nini. Bi Tiki akaweka nakala yake mbele yake, akasema kwa upole kwamba ukurasa alioupitisha yeye ni ule, na uliochapwa hajauona. Mhariri hakuushika. Akasema habari za nani kashika nini hazimhusu, dawati ndilo linalojibu, na barua imeshaandikwa.

Nilikuwa na uchaguzi wa kunyamaza. Nitakuwa mwongo nikisema haukunivutia. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na Mhariri alikuwa hanitazami mimi hata kidogo. Lakini kulikuwa na yule mama kule mapokezi na nakala zake nne, na kulikuwa na hii mikono ya Bi Tiki juu ya meza, misafi, iliyonawiwa. Nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, na kwamba Mhariri mwenyewe ndiye aliyeagiza mshindi atangulie, na kwamba nilihamisha timu nikaacha mabao. Mhariri akasema hakumbuki kuagiza. Akasema kama nasema kweli basi ndiyo anathibitisha hoja yake: kumbe mtu anaweza kuuruka ukaguzi wote kwa sekunde moja, kwa hiyo ukaguzi hauna maana.

Nilitaka kulia kwa hasira. Nimejitia kitanzi na kitanzi kimempata mwingine.

Nikamgeukia Bi Tiki nikaanza kumwomba radhi. Alinikata kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nilikwenda kunawa mikono, mwanangu. Sikuwa nimekufa. Ungeniita."

Mhariri akakohoa. Akasema lililobaki ni kuomba radhi kwa wasomaji katika toleo la Alhamisi, na hilo ataliandika mwenyewe hapo hapo, kwa kuwa mistari minne haihitaji kamati. Akageukia kompyuta yake akaandika kwa vidole viwili, gazeti likiwa wazi kando yake, akichapa kwa nguvu kana kwamba vitufe ndivyo vilivyokosea. Printa ikatema karatasi. Akanikabidhi niipeleke moja kwa moja ukurasani.

Bi Tiki akanyoosha mkono. Akasema naomba niisome.

Mhariri akasema si lazima, ameiandika yeye. Bi Tiki akasema anajua, ila mpaka mwisho wa mwezi bado ni kazi yake. Mhariri akainua mabega.

Akavaa miwani. Akatoa mkobani karatasi ya maswali, mpya, akaibana na ile ya mistari minne kana kwamba ni ukurasa mzima. Nakuapia, nilikereka. Hata pale, roho yangu ikiwa imeungua, nilikereka. Nilisema moyoni mama huyu hajui hata kufukuzwa kwa haraka. Kidole kikaanza kutembea. Mhariri akatazama saa yake, kisha dirisha, kisha saa yake.

Kidole kikasimama mstari wa kwanza. Akaomba kalenda ya mezani, akaigeuza, akaandika kitu pembeni. Kikaendelea. Kikasimama tena mstari wa tatu, na hapo kikakaa. Akarudi nyuma, akanong'ona namba, akanitaka nimpe ripoti ya mwamuzi. Nikaifuata kwenye meza yangu. Akasoma wafungaji mmoja mmoja. Kisha akaisukuma karatasi kwa Mhariri, akiwa ameigeuza ili maandishi yamwelekee.

"Umeandika toleo la Jumatatu tarehe kumi na tano. Jumatatu ni leo, kumi na sita. Hilo dogo. Hapa umesema matokeo sahihi ni Wachongaji mawili, Wachuuzi moja."

Mhariri akasema ndiyo, amewarudisha wenyeji mbele, kama orodha yake inavyotaka.

"Umewarudisha na mabao yao ya uongo," akasema Bi Tiki. "Kijana alihamisha timu akaacha namba. Wewe umehamisha timu na namba. Gazetini Wachongaji wameshinda, na kwako pia Wachongaji wameshinda. Tungewaomba radhi watu halafu tukarudia kosa lile lile, na saini yako chini."

Nyani haoni kundule, lakini siku ile alishikiwa kioo. Mhariri alichukua karatasi akaisoma. Akachukua gazeti akasoma. Niliona midomo yake ikitembea, WCG, WCZ, mawili, moja, na mara ya kwanza tangu aje nilimwona mtu mzima yule akihesabu kwa vidole. Alihesabu mara mbili. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola. Hakuomba msamaha, sitaki kumsingizia. Alichofanya ni kuichukua ile barua iliyokunjwa, akaitia kwenye mashine ya kukatia karatasi iliyo chini ya meza yake, na mashine ikaunguruma kwa muda mrefu kuliko barua ilivyostahili. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, iandikweje.

Bi Tiki akamwandikia mistari minne. Tarehe kumi na sita. Wachongaji moja, Wachuuzi mawili. Akaongeza mstari wa tano ambao Mhariri hakuuagiza, wenye jina kamili la mfungaji wa dakika ya themanini na tisa, kama lilivyo kwenye orodha ya usajili. Akatia tiki zake kumi na nne.

Tulitoka pamoja. Kwenye korido alisimama akaegemea ukuta, na nikaona machozi yanamtoka bila kelele, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani safari ndefu na sasa ndiyo ameitua. Nikasema mama nisamehe. Akasema amenisamehe. Akasema pia nikamtolee ukurasa mmoja yule mama aliyekaa mapokezi, kwenye karatasi nzuri, ukanda ukiwa sawa, mwanamke wa watu asirudi nyumbani na uongo.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikarudisha WCG mbele, WCZ nyuma, safari hii namba nikaziacha kwa makusudi, maana ziko mahali pake. Nikatoa nakala, nikainuka niipeleke.

Bi Tiki alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, miwani usoni, kalamu mkononi. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Alikuwa ameshanisamehe, na nilimwamini. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaanza kuisoma tangu juu.